Namba Iliyotiwa Ukungu Bado Inasomeka

Gari nililokuwa nauza ni Toyota IST ya rangi ya fedha, aina ambayo Dar es Salaam ukirusha jiwe huku umefumba macho unaipiga. Nililiosha, nikalisimamisha mbele ya geti langu asubuhi kabla jua halijawa kali, nikapiga picha sita. Dalali alikuwa ameshaniambia zitumwe mapema. Kabla ya kuzituma nikakumbuka namba. Nikafungua programu ya kuhariri picha kwenye simu, nikatafuta kidude cha kutia ukungu, nikapitisha kidole juu ya kibao mara mbili. Namba ikageuka wingu la njano lenye michirizi myeusi. Nikaridhika, nikazituma zote sita.

Jioni nikaenda steshenari ya mtaani kuchapisha moja, niibandike kwenye kioo cha nyuma. Kijana wa pale akaifungua kwenye kompyuta.

"Mzee, namba umeificha kwa makusudi?"

"Ndiyo, mwanangu. Siku hizi huwezi kujua nani anaangalia."

Hakubisha. Akaipunguza picha mpaka ikawa na ukubwa wa stempu ya posta, akasogeza kiti nyuma, akafumba macho nusu kama mtu anayesoma bango la mbali, akaanza kunitajia. Tarakimu zote tatu alizipatia. Herufi alipatia mbili. Ya tatu akasema ni Q au D. Ilikuwa Q. Kisha akaikuza tena na kunionyesha saiti mira ya kushoto. "Halafu hapa mbona umeiandika upya?"

Kweli. Kama wenye magari wengi wa mjini, nilikuwa nimechongesha namba kwenye saiti mira, kwenye taa na pembeni mwa vioo ili wezi wa vipuri wakose hamu navyo. Nilikuwa nimeficha nakala moja ya namba na kuacha nyingine saba.

Tangu siku ile nimekuwa nikiulizauliza na kujaribu mwenyewe, kwa sababu swali lenyewe linaonekana dogo lakini wengi wetu tunalijibu vibaya: ukitaka kutuma picha yenye namba ya gari au namba ya nyumba, uitie ukungu au uiondoe kabisa?

Kwanza tuelewane ukungu unafanya nini. Picha ya simu ni nukta nyingi ndogo za rangi, ambazo mafundi huziita pikseli. Kidude cha ukungu huchukua kila nukta na kuichanganya na jirani zake, kisha huweka wastani wao. Ule wino mweusi wa tarakimu 8 haukuondoka popote. Umesambazwa tu. Ni kama barua iliyomwagikiwa maji: maandishi yamevimba na kuingiliana, lakini wino wote bado uko kwenye karatasi, na karibu na pale ulipokuwa. Ukiipunguza picha, ule usambaaji nao unapungua, jicho linaona umbo zima badala ya matope, na namba inarudi. Ndicho alichofanya kijana wa steshenari, na hakuhitaji mtambo wowote.

Kuna ndugu yake ukungu, ule mtindo wa kugeuza sehemu ya picha kuwa miraba mikubwa kama vigae vya bafuni. Watu huuamini zaidi kwa sababu unaonekana mkali. Lakini kila mraba hubeba wastani wa rangi za nukta zilizokuwa ndani yake, na wastani huo ni habari. Chukua mfano wa tarakimu moja iliyobaki na vigae sita, viwili kwa upana na vitatu kwa urefu. Kama ilikuwa 7, vigae viwili vya juu vitakuwa vyeusi kuliko vingine, na cha chini kulia kitakuwa karibu njano tupu. Kama ilikuwa L, cha juu kulia ndicho kitakuwa cheupe na vya chini vitakolea. Kama ilikuwa 8, vyote sita vitakolea kwa kiasi kinachokaribiana. Hujaisoma 7 kwa macho, lakini umeitambua kwa kivuli chake.

Hapo ndipo watu wengi, mimi nikiwa mmojawapo, hukosea kufikiri. Tunadhani mtu anayetaka kuijua namba lazima aurudishe ukungu nyuma, aufue mpaka namba itoke safi. Hahitaji. Anaweza kwenda mbele. Anatengeneza picha ya kila tarakimu na kila herufi kwenye kibao cha njano, anazitia ukungu uleule, kisha anaangalia ipi inafanana na ya kwako.

Kazi hiyo ni ndogo kuliko inavyosikika, kwa sababu namba za magari zina mpangilio unaojulikana. Namba ya gari binafsi Tanzania huanza na T, zikafuata tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Tuchukue T 386 XYZ, ambayo nimeitunga kwa kuwa mfululizo wetu haujafika X. T haihitaji kubahatishwa. Kila tarakimu ina uwezekano wa aina 10. Herufi ya kwanza kati ya zile tatu, kwa magari yanayotembea leo, iko kati ya A na E, yaani tano tu. Zilizobaki mbili, hata tukiruhusu alfabeti nzima ya Kiingereza, ni 26 kila moja. Ukizizidisha zote unapata namba zaidi ya milioni 3, na mtu anaweza kusema basi niko salama. Lakini anayelinganisha hashughuliki na namba nzima kwa mkupuo. Anashughulika na herufi mojamoja: 10 mara tatu, ongeza 5, ongeza 26 mara mbili. Jumla ni ulinganisho 87. Mtu mwenye subira anaweza kuumaliza kwa mkono kati ya adhuhuri na alasiri, na kompyuta haitachukua hata muda wa kupiga chafya.

Nisitie chumvi. Picha halisi ina mambo yanayomsumbua mlinganishaji: gari limesimama upande, jua limepiga kibao, WhatsApp imeibana picha, ukungu wa herufi moja umeingia kwenye ya jirani. Zana zilizowahi kupata sifa kwa kazi hii, kama Depix ya mwaka 2020 na Unredacter ya 2022, zilitengenezwa kwa ajili ya maandishi ya kwenye skrini, ambayo ni safi na yamenyooka, na hazitamfaa mtu anayezielekeza tu kwenye picha ya IST. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba kompyuta iliyofundishwa kwa mifano inaweza kutambua tarakimu na sura za watu zilizofichwa kwa ukungu au vigae, lakini nayo inafanya kazi hiyo pale inapojua majibu yanayowezekana ni yapi. Tatizo ni kwamba kwa namba ya gari, majibu yanayowezekana yanajulikana na kila mtu.

Na sisi wauzaji tunamrahisishia. Mimi nilituma picha tatu za mbele na mbili za nyuma, zote zimetiwa ukungu kwa kidole, kila moja kwa namna yake. Pale ambapo picha ya kwanza ilificha mkia wa Q, ya tatu iliuacha. Picha tano hafifu za kitu kimoja zikiwekwa pamoja si hafifu tena. Video ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa sekunde moja ina picha zipatazo 30.

Kisa kinachojulikana zaidi cha ukungu kushindwa kilitokea mwaka 2007. Mhalifu aliyewadhuru watoto alisambaza picha mtandaoni, sura yake akiwa ameizungusha kama maji yanayoingia kwenye tundu la sinki. Polisi wa Ujerumani waliizungusha kinyume, Interpol ikaitangaza sura hiyo kwa umma, na akakamatwa Thailand katika muda usiozidi wiki mbili. Tuliobaki tulifurahi, na tulikuwa na haki. Ila somo la kiufundi linamhusu pia mtu mwema: mchoro uliopindwa kwa kanuni unanyooshwa kwa kanuni hiyohiyo.

Sasa, kuna atakayeuliza: namba ya gari iko nje kila siku, inapita Ubungo na Mwenge mbele ya maelfu ya watu, ya nini kuificha? Swali ni la haki, na jibu lake haliko kwenye namba yenyewe. Rejesta ya wenye magari iko TRA, na mpita njia haifungui. Lakini kuna mambo ambayo namba peke yake inayafungua. Mfumo wa polisi wa kuangalia faini za barabarani uliwekwa ili mwenye gari ajue anadaiwa nini. Ukiingiza namba unaonyeshwa makosa yanayodaiwa, pamoja na mahali na tarehe. Ni huduma nzuri, ila haiulizi kama gari ni lako. Kisha kuna wanaotengeneza vibao bandia. Mtu mwenye IST ya fedha yenye matatizo yake akiona IST nyingine ya fedha mtandaoni, namba inasomeka, ameshapata vazi la kuvaa. Faini zinakuja kwako.

Lililo kubwa zaidi ni mchanganyiko. Picha yangu haikuwa na gari tu. Nyuma yake kulikuwa na geti, ukuta, na kile kibao kidogo cha namba ya nyumba. Wenye umri wangu tunakumbuka tulivyoishi bila anwani, tukielekezana kwa mwembe na kwa bucha. Februari 2022 Operesheni ya Anwani za Makazi ilizinduliwa, na kabla ya Sensa ya Agosti mwaka huohuo mitaa ilipata majina, nguzo na vibao. Sasa namba ya nyumba, jina la barabara na postikodi ya tarakimu tano vinatosha kumfikisha mgeni mlangoni, na programu ya simu ya NaPA ipo kwa kazi hiyohiyo ya kuelekeza. Hivyo ndivyo ilivyokusudiwa: gari la wagonjwa lifike, bodaboda alete mzigo. Namba ya nyumba haikuwekwa iwe siri.

Tofauti ni hii. Anayepita mbele ya geti langu anaona namba ya nyumba lakini hajui mimi ni nani. Anayeniona kwenye maegesho ya Mlimani City saa tano asubuhi anaona gari lakini hajui ninakolala. Picha moja iliyotumwa na mimi mwenyewe, yenye jina langu juu yake, inaviunganisha vyote: mtu huyu, gari hili, geti hili. Kuanzia hapo, yeyote anayeliona gari mbali na nyumbani anajua pia kwamba nyumbani halipo.

Kibao cha nyumba kina udhaifu ambao cha gari hakina. Namba za nyumba ni fupi. Tarakimu mbili zilizotiwa ukungu zina majibu 90 tu, kuanzia 10 hadi 99, na barabara fupi ya mtaani huenda ina nyumba 40. Anayejua barabara hahitaji hata kuisoma. Atatembea akiangalia rangi ya geti. Kwa hiyo kwenye picha ya nyumba cha kuficha kwanza ni jina la barabara. Namba 27 bila barabara ni namba tu. Barabara bila namba, pamoja na geti la bluu lenye simba wawili wa saruji juu ya nguzo, ni anwani kamili.

Na usiishie kwenye vibao. Nilipoitazama upya picha yangu nikakuta, upande wa kulia, banda la wakala wa fedha la jirani, limeandikwa Lipa Namba kwa herufi kubwa kuliko mlango wake, na jina la biashara chini yake. Anayeitafuta Lipa Namba ile anampata jirani, na akimpata jirani amenipata mimi. Hilo halikuwa langu kulianika. Vivyo hivyo Noah ya jirani wa pili iliyokuwa imeegeshwa nyuma, namba nje, wazi kabisa. Yeye alikuwa hauzi kitu.

Wanaofanya kazi hii kwa wingi kuliko wote duniani ni Google, kwenye picha zao za barabarani za Street View. Walianza kufifisha nyuso na namba za magari mwaka 2008, na mwaka uliofuata wahandisi wao walichapisha matokeo: mashine ilikuwa inakamata zaidi ya asilimia 89 ya nyuso, na kati ya asilimia 94 na 96 ya namba za magari. Kwa magari mia, basi, manne hadi sita yanapita hivihivi. Mwenye gari au nyumba anaweza kuomba kifichwe kilichosahaulika, na nyumba nzima ikishafifishwa kwa ombi la mwenyewe, Google husema hairudishwi.

Ujerumani ndiko jambo hili lilikoonyesha sura yake ya pili. Mwaka 2010, kabla ya miji 20 ya kwanza kuwekwa mtandaoni, kaya zaidi ya 244,000 ziliomba nyumba zao zifichwe, karibu asilimia 3 ya kaya za miji hiyo. Zikafichwa. Ukipita mtaani kwenye picha unaona nyumba, nyumba, nyumba, kisha wingu la kijivu lenye umbo la ghorofa. Mjini Essen watu wakazifuata nyumba hizo kwa miguu, wakazirushia mayai na kuacha vikaratasi vya kuisifu Google. Wenyewe walitaka wasionekane, na ukungu ndio uliowaonyesha.

Hii ndiyo hoja nzito ya wanaosema usifiche kwa ukungu wala kwa kisanduku, ondoa kabisa. Simu nyingi za sasa zina kifutio kinachozungushia kitu, kikakiondoa, kisha kikapaka mahali pake kwa kukisia palivyokuwa nyuma. Kibao cha nyumba kikiondolewa hivyo kwenye ukuta uliopakwa rangi moja, hakuna atakayejua kulikuwa na kibao. Nimejaribu, na kwa ukuta nakubali: kazi inatoka safi, na wino haukusambazwa bali umetupwa.

Kwa gari sikubali. Kwanza, kifutio hakijui bampa la IST likoje chini ya kibao, kwa hiyo hukisia. Mara mbili nilipata bampa lenye kibao kingine, chenye maandishi ya ajabu yasiyo herufi. Mara ya tatu nikapata bampa tupu, laini, zuri. Nikamwonyesha dalali.

"Kaka, hii toa," akasema. "Gari halina namba, mtu atadhani limeng'olewa vibao. Atakuja na polisi, si na hela."

Alikuwa sahihi, na si kwa sababu ya biashara tu. Kisanduku cheusi kinamwambia mtazamaji ukweli: hapa kuna kitu, nimekificha. Kifutio kinamwambia hapakuwa na kitu. Kwenye picha ya harusi mbele ya nyumba hilo halimdhuru mtu. Kwenye picha ya gari linalouzwa, au ya ajali, au ya nyumba inayopangishwa, ni kusema uongo kwa picha, na siku utakapohitaji kuthibitisha jambo utakuwa na picha mbili zisizoafikiana. Ndiyo maana picha halisi haiguswi kamwe, unahariri nakala.

Hukumu yangu, basi, kwa namba ya gari ni kisanduku cha rangi moja kisichopitisha mwanga, kinachofunika kibao chote pamoja na fremu yake. Fikiria: ukizidisha vigae mpaka kibao chote kiwe kigae kimoja, umebaki na rangi moja, na hapo tu ndipo hakuna cha kulinganisha. Ukungu unaofaa kweli ni ule uliokwisha kuwa kisanduku. Anza na kisanduku.

Kuna njia tatu ambazo kisanduku chenyewe huharibika, na zote nimeziona.

Ya kwanza ni kalamu. Kwenye uhariri wa simu kuna kalamu kadhaa, na ile pana inayovutia kidole mara nyingi ni ya kung'ariza maandishi, yaani inapitisha mwanga. Ukichagua nyeusi na kupitisha mara tatu, macho yako yanaona nyeusi. Mwenzako akipandisha mwangaza wa picha mpaka mwisho, namba inachungulia chini ya wino kama kanzu chini ya wavu. Kipimo chake ni hichohicho: kabla ya kutuma, fungua picha uliyomaliza, pandisha mwangaza na ung'avu mpaka mwisho wa kipimo, uangalie. Tumia umbo la mstatili lililojazwa rangi, si kalamu.

Ya pili ni faili kubaki na siri yake. Kukata picha, ukaacha bampa nje ya fremu, ni njia bora kuliko zote pale inapowezekana, maana kilichokatwa hakipo. Au ndivyo tulivyodhani. Machi 2023 iligundulika kwamba kihariri cha simu za Pixel, kwa miaka kadhaa, kilikuwa kikikata picha ya skrini na kuihifadhi juu ya ileile ya zamani bila kufuta mkia wake. Mwenye ujuzi aliweza kurudisha sehemu kubwa ya kilichokatwa. Baada ya siku chache kasoro ya aina hiyo ikaonekana kwenye Snipping Tool ya Windows pia. Zote zilirekebishwa, lakini picha zilizokwisha kutumwa hazirekebishiki. Dalili yake ilikuwa rahisi: picha imekatwa ikabaki robo, lakini uzito wa faili haukupungua. Kwenye iPhone lipo jambo linalofanana ingawa si kasoro: uhariri unaweza kurudishwa, na ukimtumia mtu kwa AirDrop ukiwa umewasha All Photos Data, unampa na picha ya awali. Dawa ni kupiga skrinishoti ya picha iliyokamilika na kutuma hiyo. Skrinishoti haijui chini ya kisanduku kulikuwa na nini.

Ya tatu haionekani kwenye picha kabisa. Simu ikiruhusiwa, huandika ndani ya faili latitudo na longitudo za mahali ulipopiga. Nafasi nne baada ya nukta zinatosha kufika karibu mita 11, na kwenye viwanja vya uswahilini hiyo ni nyumba yako au ya jirani. WhatsApp huondoa maandishi hayo ukituma kama picha ya kawaida, lakini ukituma kama Document, njia ambayo madalali huipenda kwa sababu picha haipotezi ubora, yanaenda yote. Skrinishoti inaliondoa hili nalo. Ukitaka kuhakikisha, itume kwenye simu nyingine ya nyumbani, ifungue kwenye Google Photos, sukuma juu, uone kama ramani inatokea.

Nilirudia kazi yangu upya, safari hii kwa utaratibu. Nililitoa gari mbele ya geti, nikalipeleka kwenye uwanja wa shule siku ya Jumapili. Hapo nyumba yangu, banda la Lipa Namba na Noah ya watu vikaondoka vyote kwa hatua moja, na sikuona programu yoyote inayoshinda hiyo. Nikapiga picha nne badala ya sita. Kwenye nakala nikaweka mstatili wa kijivu juu ya kibao cha mbele na cha nyuma, kisha midogo juu ya taa mbili, saiti mira mbili na pembe za vioo zilizoonekana. Stika yoyote kwenye kioo cha mbele nayo niliikagua, maana baadhi hubeba namba ya gari kwa maandishi madogo. Nikapandisha mwangaza, nikaona kijivu tupu. Nikapiga skrinishoti. Kazi nzima ilichukua dakika zisizozidi kumi na tano, nyingi zikiwa za kutafuta michoro ya namba kwenye vioo.

Mnunuzi anayetaka namba ili ahakiki bima na faini ana haki ya kuipata, na nilimpa kila aliyepiga simu na kujitambulisha. Lilelile nawaambia majirani kwenye kundi letu la mtaa, ambako kila wiki mtu hutupia picha ya gari "lisiloeleweka" lililoegeshwa, namba ikiwa wazi, na chini yake maneno ya kuhukumu. Picha yenye namba ipelekwe kwa mjumbe na polisi, wao wana cha kuifanyia. Kwenye kundi weka yenye kisanduku. Mara mbili gari lisiloeleweka limekuwa la mkwe wa mtu.

Lile gari liliuzwa. Zile picha sita za kwanza, zenye ukungu wa kidole na geti langu nyuma, sikuweza kuzirudisha. Nilifuta kwenye makundi niliyokuwamo, lakini madalali walikuwa wameshazipeleka kwingine. Mwezi uliopita mtu kutoka Dodoma alinipigia kuuliza kama IST bado ipo. Nikamwuliza amejuaje. Akanitajia namba ya gari, yote, pamoja na Q.